Kidege hakulaumiwa

"Shikamoo mwalimu. Kwenye harusi huku Ngamiani bendi ilipiga 'Malaika', mwimbaji akasema 'kidege, hukuwaza kidege'. Shangazi akadai kakosea, eti ni 'nakuwaza', kwa maana 'hukuwaza' ni kumsuta bibi harusi kwamba hakufikiri. Nani yuko sawa?"

Marahaba. Mwimbaji yuko sawa, na shangazi nampa pole, maana sikio lake limeharibiwa na "huwa".

Hiyo "huwa" inanikera hadi kwenye daladala. "Huwa naenda", "huwa nakula", "huwa wanakuja". Kiswahili kina hu- ya mazoea, kasilabi kamoja tu: mama huuza mikate, bahari hujaa na kupwa. Haitaki nafsi mbele yake. Mtendaji unamjua kwa mazungumzo. Tumeiacha ikaota kutu, tukaweka maneno mawili pale lilipotosha moja, na kuna wanaoandika "uwa" kana kwamba wanataka kuchinja. Ndiyo maana mtu akisikia "hukuwaza" siku hizi, anawaza kukanusha tu.

Neno hilo lina njia mbili, na mkazo haukusaidii, kwa kuwa zote mbili hukazia "wa". Ya kwanza ni hu- ya mazoea, -ku- ya wewe, waza: kila siku nakufikiria. Ya pili ni hu- ya kukanusha, -ku- ya wakati uliopita, waza: wewe hukufikiri. Badilisha anayewazwa, awe yeye, uone zinavyoachana: "humwaza" na "hukumwaza". Sasa rudi kwenye wimbo. Kijana angetaka kulalamika angesema "hukuniwaza". Bila -ni- lawama inaning'inia, hajulikani nani hakuwazwa. Tena kijana mwenyewe kashakiri kwamba anashindwa, mali hana. Asiye na mahari atamsutaje binti?

Wanaoimba "nakuwaza" hawavunji sarufi. Wameondoa utata, na utamu umeondoka nao. "Nakuwaza" yaweza kuwa ya jioni hii tu. "Hukuwaza" ni ya kila jioni, na haina mwanzo.

Kama shangazi anatafuta badiliko la kugombana nalo, amsikilize Miriam Makeba. Fadhili William aliimba "nashindwa na mali sina we, ningekuoa malaika". Kwa Makeba husikika pia "ningekuoa mali we, ningekuoa dada". "Sina" ikidondoka, kilichokuwa kizuizi kinageuka kuwa mchumba! Wako watakaosema "mali" hapo ni jina la mahaba, kama "dhahabu yangu". Haya. Lakini basi kinachomzuia asioe ni nini? Mstari wenyewe hausemi tena; inabidi usubiri ule wa pesa kusumbua roho.

"Malaika" lenyewe, huko Uarabuni lilikotoka, ni wingi. Sisi tumemchukua mmoja, na hilo sina ugomvi nalo.