Sabuni Iliyobaki kwenye Fremu: Nani Abebe Upotevu?

Hapa Kigoma watengenezaji wengi wa sabuni za mawese wanajua bei ya dumu la mafuta na ya kostiki, lakini ukiwauliza kilo moja ya sabuni imewagharimu kiasi gani mwisho wa mwezi, wanagawanya gharama zote kwa kilo walizopika. Mimi ni karani wa hesabu za karakana ya aina hiyo, na ushauri wangu ni kwamba kabla ya kugawanya chochote, uliza upotevu umetokea wapi.

Tuchukue mfano. Zimeingia kilo 1,000 za malighafi, sh. 1,850,000. Vibarua, kuni na umeme ni sh. 540,000. Mwisho wa mwezi kuna kilo 700 za miche iliyokamilika na kilo 200 bado ziko kwenye fremu. Kilo 100 zimepotea jikoni, yaani mvuke na ukoko, na ndivyo inavyotarajiwa kila upishi. Ukoko umeuzwa sh. 50,000.

Sabuni ya kwenye fremu imeshakula malighafi yote, ila kazi imefika nusu tu: haijakatwa wala kugongwa muhuri. Kwa hiyo upande wa malighafi tuna kilo kamili 900, na upande wa kazi 800, kwa kuwa zile 200 zinahesabika kama 100. Kilo zilizopotea hazihesabiwi, ili gharama yake iangukie kwenye sabuni nzima. Fedha ya ukoko inapunguzwa kwenye malighafi, si kwenye vibarua: 1,800,000 kwa 900 ni sh. 2,000, na 540,000 kwa 800 ni sh. 675.

Miche iliyokamilika inapata 1,872,500, ya kwenye fremu 467,500. Jumlisha: 2,340,000, sawa na gharama zote ukiondoa ukoko. Ukizihesabu zile kilo 100 halafu usizipe thamani, jumla hii itapungua, na hapo ndipo utajua umekosea.

Sasa tuseme kilo hizo 100 hazikupotea jikoni, ni vipande vya mezani wakati wa kukata. Sabuni ya kwenye fremu haijafika mezani, kwa nini ilipie? Hapo upotevu unahesabiwa kama kilo kamili: malighafi 1,850,000 kwa 1,000, kazi 540,000 kwa 900, yaani sh. 1,850 na 600. Upotevu unagharimu 245,000. Toa 50,000 ya kuuza vipande, zinabaki 195,000 zinazobebwa na kilo 700 za miche peke yake. Miche inafika 1,910,000, fremu zinashuka hadi 430,000.

Tofauti ni sh. 37,500, na inaingia moja kwa moja kwenye faida ya mwezi kama miche imeshauzwa. Upotevu ukizidi kilo 100, ziada usiigawe hivi: ithaminishe kama sabuni nzuri, uipeleke kwenye hesabu ya faida na hasara, kisha umuulize mpishi.