Mkono wa bibi harusi umevurugika

"Nimemfuta kwa simu mpita njia nyuma ya bibi harusi, Coco Beach. Mkono wa bibi harusi umevurugika. Nifanyeje?"

Pole. Kifutio cha simu hujazia pengo kwa kubuni kutokana na yaliyo jirani, hivyo mtu aliyesimama peke yake mchangani hufutika safi. Huyu amegusana na mkono, na hapo kifutio hukosea mpaka.

Rudi kwenye picha halisi, uihamishe kwenye kompyuta kwa waya, maana WhatsApp huibana. Kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, nakili leya, zungushia mkono kwa Free Select, kisha Select > Invert ili brashi isiuguse. Chukua Clone, brashi inayonakili sehemu moja ya picha juu ya nyingine, shika Ctrl ubofye mchanga wa karibu wenye mwanga uleule, kisha achia Ctrl upake juu ya mpita njia. Badilisha chanzo mara kwa mara. Alama ileile ikijirudia, jicho litainasa.