Kitabu cha nyuki kilichouzwa kama riwaya ya mapenzi

Wiki hii nimerudisha fomu nne za taarifa za vitabu vya sauti kwa vijana wapya wa idara yetu. Moja ilikuwa na jina la msimulizi kwenye kisanduku cha mwandishi. Nyingine ilikuwa na maelezo ya mistari kumi na minne, na hadi mstari wa tisa nilikuwa bado sijajua kitabu kinahusu nini, ila nilikuwa nimeshajua mwandishi alisoma wapi na anapenda rangi gani. Nilipandwa na hasira, kisha nikakumbuka fomu zangu za zamani, hasira ikageuka aibu. Basi kaeni niwaambie, na msicheke sana.

1. Jina, jina dogo na kategoria husomwa pamoja

Kitabu kilichonitia aibu kiliitwa "Sauti za Mzingani". Mwandishi alikuwa mfugaji nyuki wa miaka mingi, na alichoandika ni mwongozo mtupu: namna ya kuweka mizinga, kuikagua, kugawa kundi lililojaa, kuvuna asali bila kuteketeza nyuki. Saa saba na dakika arobaini za sauti safi. Jina lilikuwa zuri, la kishairi, na mimi nilikuwa na usingizi.

Wakati ule tulikuwa tunamtumia msambazaji jedwali la Excel, mstari mmoja kwa kila kitabu. Ili kuokoa muda nikanakili mstari wa kitabu kilichotangulia, nikabadilisha jina, mwandishi, ISBN na muda wa kusikiliza. Safu ya kategoria ilikuwa mbali kulia, nje ya skrini. Sikuigusa. Kitabu kilichotangulia kilikuwa riwaya ya mapenzi, kwa hiyo msimbo uliobaki pale ulikuwa FIC027000. Kwa asiyejua misimbo ya BISAC, ile ya kupanga vitabu kwa mada, FIC ni hadithi za kubuni, na 027000 ni mapenzi kwa ujumla.

Kosa hilo peke yake lingeweza kunaswa na mhakiki. Lakini nilikuwa nimeandika na maelezo, tena kwa mbwembwe zote: "Safari ya kugusa moyo ndani ya ulimwengu wa utamu na uchungu, ambako kila tone lina siri yake." Jina dogo nililiacha wazi. Mhakiki akaona jina la kishairi, kategoria ya mapenzi, maelezo ya utamu na uchungu. Kila kitu kilishabihiana. Akapitisha.

Wasikilizaji wakaja, na hilo ndilo lililonidanganya. Wiki ya kwanza nilitembea kifua mbele. Wiki ya pili maoni yakaanza kushuka, nyota moja moja. Mmoja aliandika kwamba amefika sura ya tatu na malkia hajapata mchumba. Mwingine, mvumilivu zaidi, alifika sura ya nne, akalalamika kwamba wachumba walipatikana lakini wote walikufa siku ileile. Kwa nyuki hiyo ni kweli kabisa, dume akishapanda malkia hufa, ila mama wa watu alikuwa ametafuta kitu cha kumliwaza usiku. Vitabu vikarudishwa, pesa zikarudishwa. Wafugaji wenyewe, waliokitafuta kitabu kama hicho kwa hamu, hawakukiona hata mmoja.

Tatizo nililigundua kwa bahati. Nilifungua ukurasa wa kitabu nikiwa sijaingia kwenye akaunti, nikashuka hadi pale duka linapoonyesha vitabu ambavyo wasikilizaji hao hao wamesikiliza. Nikakuta majalada ya wapenzi wakikumbatiana, safu nzima, na jalada letu la mzinga limekaa katikati yao kama mzee aliyekosea ukumbi wa harusi. Tangu siku hiyo, nikitaka kujua kitabu kimewekwa rafu gani, siangalii fomu niliyoijaza, naangalia majirani zake dukani. Majirani wakiwa wageni kwako, rudi kwenye kategoria.

Marekebisho yalikuwa haya. Kategoria ikawa TEC003020, kilimo upande wa ufugaji, ambayo ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na nyuki. Jina kubwa tuliliacha, maana mwandishi alilipenda na alikuwa na haki. Jina dogo likawa "Mwongozo wa Ufugaji Nyuki kwa Anayeanza". Jina kubwa liimbe linavyotaka, jina dogo ndilo linalosema kitabu ni cha nini na cha nani. Wala msijaribu kulifanya ghala la maneno: "Nyuki, Asali, Mizinga, Kitabu Bora cha Sauti". Maduka hurudisha majina ya namna hiyo, na hata yakipita yanachukiza. Neno "kitabu cha sauti" halina kazi kwenye jina, aina ya bidhaa ina kisanduku chake.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe jina la kwenye ukurasa, la kwenye jalada, na lile linalotamkwa mwanzoni mwa sauti yanapaswa kulingana. Kwenye faili ya ufunguzi msimulizi wetu alitamka jina kubwa tu, na msambazaji akarudisha. Ikabidi nimpigie simu arekodi upya sentensi moja, miezi mitano baadaye, akiwa amehama nyumba na kubadilisha maikrofoni. Ukisikiliza kitabu hicho leo, jina lake linatamkwa na mtu aliye chumbani, kisha sura ya kwanza inasomwa na mtu yule yule akiwa kama ndani ya kabati. Jalada nalo likachorwa upya. Kwa hiyo jina dogo liamuliwe kabla msimulizi hajakaa kwenye maikrofoni.

2. Msimulizi ni mtu mmoja, aandikwe kwa jina moja

Wasikilizaji wengi humfuata msimulizi kuliko mwandishi. Wakipenda sauti, hubonyeza jina lake waone amesoma nini kingine. Duka haliwezi kujua kwamba watu wawili wenye majina yanayokaribiana ni mtu mmoja. Linalinganisha herufi.

Yule dada wa kwenye kitabu cha nyuki alitusomea vitabu sita. Kwenye viwili niliandika majina yake mawili. Kwenye vitatu nikaongeza herufi ya jina la baba katikati, na nukta yake. Kwenye kimoja, kwa heshima, nikatanguliza "Bi." Dukani wakazaliwa wasimulizi watatu, mmoja akiwa na kitabu kimoja tu, masikini, kama ndiyo kwanza anaanza kazi. Aliniuliza kwa upole kama kuna mtu mwingine anatumia jina lake. Ningefurahi angenitukana.

Siku hizi swali la jina naliuliza siku ya mkataba: unataka jina lako lisomekeje, herufi kwa herufi? Jibu linaingia kwenye jedwali la majina, na kila fomu inanakili kutoka hapo. Msitangulize Bi., Dkt. wala Mwalimu. Wasimulizi wakiwa wawili, kila mmoja na mstari wake, si majina mawili yaliyofungwa kwa "na" kwenye kisanduku kimoja, maana duka litaamini ni mtu mmoja mwenye jina refu.

Na wale mnaotuma faili za ONIX, yaani taarifa za kitabu zilizopangwa kwa ajili ya kusomwa na kompyuta, jukumu la mtu liko kwenye msimbo. A01 ni mwandishi, B06 ni mfasiri, E07 ni anayesoma. Mstari wa msimulizi unakuwa hivi:

```
<Contributor>
  <SequenceNumber>2</SequenceNumber>
  <ContributorRole>E07</ContributorRole>
  <PersonName>JINA KAMILI</PersonName>
</Contributor>
```

Ukiweka A01 hapo, msimulizi anakuwa mwandishi mwenza, na mwandishi halisi atakupigia simu alfajiri.

3. Maelezo yaanze na anachokitafuta mtu

Kwenye simu msikilizaji huona mistari michache tu ya mwanzo, mingine imefichwa hadi abonyeze. Kwa hiyo ule utamu na uchungu wangu ndio uliokuwa ukionekana, na neno "nyuki" lilikuwa aya ya pili, gizani. Niliandika upya hivi:

"Unataka kufuga nyuki na hujui uanzie wapi? Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuchagua mzinga, kuweka mizinga mahali salama, kukagua kundi na kuvuna asali bila kuua nyuki."

Baada ya hapo ndipo yakafuata ya mwandishi, sentensi mbili, na ni kwa nini anastahili kuaminiwa kuhusu nyuki. Rangi anayoipenda haikuwemo.

Angalieni ile "mzinga" na "mizinga" kwenye sentensi moja. Si uzembe wa mhariri. Kiswahili hubadilisha neno mwanzoni, na visanduku vingi vya kutafutia nilivyovijaribu havijui kwamba mzinga na mizinga ni kitu kimoja, wala kwamba anayeandika "kufuga nyuki" anataka kilekile anachokitaka anayeandika "ufugaji wa nyuki". Kwenye jina letu mambo yalikuwa mabaya zaidi: "mzingani" lina kiambishi cha mahali, kwa hiyo aliyetafuta "mzinga" kama neno kamili alipita mlangoni kwetu bila kutuona. Dawa yake ni ndogo. Umoja na wingi, kitenzi na nomino yake, vyote vipate nafasi kwenye maelezo, lakini ndani ya sentensi zinazosomeka. Yakibaki maneno yasiyopata sentensi, yapelekeni kwenye kisanduku cha maneno ya utafutaji. Msirudie huko yaliyomo tayari kwenye jina.

Jaribio langu: ninamwomba mtu asiyekijua kitabu aniambie angeandika nini kukitafuta. Aliyenisaidia kwenye hiki aliandika "jinsi ya kufuga nyuki nyumbani". Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa "apikalcha". Nikalifuta neno langu la kisomi kimyakimya.

4. Madogomadogo

Lugha iwekwe swa, yaani Kiswahili, maana fomu nyingi hujiwekea Kiingereza zenyewe na kitabu kinapotea kwa kila anayechuja kwa lugha. ISBN ya kitabu cha karatasi isitumike kwenye sauti. Kama matini yamefupishwa, semeni yamefupishwa. Msichague kategoria ya "kwa ujumla" kama iliyo mahususi ipo. Na mkisharekebisha, msikae mkibonyeza kuonyesha upya kila dakika kumi kama nilivyofanya mimi. Badiliko hupita kwa msambazaji kwanza, kisha kila duka hulichukua kwa wakati wake. Kwenye duka moja kitabu chetu kilibaki kwenye mapenzi wiki tatu baada ya kwingine kote kuhamia kwenye kilimo.

Yale maoni ya nyota moja bado yapo. Duka halifuti maoni kwa sababu muuzaji alikosea rafu. Wafugaji wanaokuja sasa huyasoma, hucheka, na mmoja amewajibu chini yake kwamba malkia kupata mchumba ni suala la hali ya hewa.

Kijana wa fomu ya tatu, kisanduku cha mwandishi wa pili bado kina jina la msimulizi. Nimekurudishia tena.