Ukikuza picha kwa akili mnemba, maandishi yaokoe kando

"Wakuu, nimekuza picha ya tangazo kwa apu ya akili mnemba. Sura na nguo zimetoka safi kabisa, ila herufi zimekuwa kama za nchi nisiyoijua, na namba siziamini. Apu mbovu au mimi ndiye nakosea?"

Mkuu, hata ukihama apu utabadilisha makosa tu. Mimi nachapa mabango, na hili lilishanitia hasara.

Dada mmoja muuza kanga alinitumia tangazo kwa WhatsApp: kanga imetandazwa, jina lake WEMA HAUOZI, chini namba ya simu. Faili lilikuwa pikseli 1280 kwa 905, naye anataka A2. Kwa pikseli 150 kwa inchi, A2 inadai 3508 upande mrefu. Nikaikuza mara nne kwa akili mnemba, nikaipunguza ikae sawa, nikachapa nakala 20. Kesho yake ananipigia: wateja wanampata fundi bomba asiyemjua. 8 moja ilikuwa imegeuka 6.

Nilirudi kwenye faili la asili nikalivuta hadi 800%. Hiyo 8 ilikuwa na kimo cha pikseli 13, na tundu lake la juu halifiki pikseli tatu. JPEG ilikuwa imeshalipaka kijivu, na mstari wa kulia juu umefifia. Pale 8 na 6 zinafanana. Jicho langu liliiona 8 kwa sababu namba ile naijua.

Programu hizi hufunzwa kwa picha kubwa safi zilizopunguzwa na kuchafuliwa makusudi, zijifunze kurudisha kilichopotea. Kwa kuwa kilichopotea hakipo tena, zinabuni kitu kinachofanana na picha halisi. Kwenye nywele au majani hakuna atakayegundua. Kwenye namba, mkunjo mmoja ukikosewa ni simu ya mtu mwingine. Na nyingi hazisomi: herufi kwao ni kingo tu, basi kila moja inachongwa kivyake. Ndiyo maana A ya WEMA ilitoka na kilele butu, A ya HAUOZI ikatoka na ncha. Ukiona herufi ileile ina maumbo mawili kwenye neno lililochapwa kwa fonti moja, jua imebuniwa.

Pindo la kanga lilikuwa na kisa chake. Lilikuwa la nukta ndogo, likatoka kama magamba ya samaki. Kila nukta pamoja na nafasi yake ikipata chini ya pikseli mbili, picha ndogo yenyewe inakuwa imeshachora mistari ya uongo. Programu inaikuta, inainoa tu. Hapo dawa ni kupiga picha upya kwa karibu.

Siku hizi kwanza naomba faili la asili litumwe kama dokumenti, si kama picha. Likikosekana, napima kimo cha herufi. Kwa uzoefu wangu, chini ya pikseli 10 siiamini kabisa. Ikizidi 30 kwa kawaida inapona. Zilizo katikati nazikinga hivi: natoa nakala mbili za picha iliyokuzwa kwa kiwango kilekile, moja kwa akili mnemba, nyingine kwa njia ya kawaida ya hesabu isiyobuni umbo. Kisha natengeneza maski, nyeupe penye maandishi na nyeusi kwingine, kingo nimezilainisha kidogo. Zote tatu ziwe na ukubwa uleule. Kwa ImageMagick:

```
magick asili.jpg -filter Lanczos -resize 400% kawaida.png
magick ai.png kawaida.png maski.png -composite mwisho.png
```

Maandishi yatakuwa na ukungu kidogo, lakini ni yaleyale.

Namba ya simu sikuzi kabisa. Naifuta, nafunika kwa rangi ya mandhari, naiandika upya kama vekta juu ya picha iliyokwisha kukuzwa. Ukiandika kabla ya kukuza, umerudi kulekule. Jina la kanga ni kazi zaidi, maana fonti ya kompyuta ikikaa juu ya kitambaa inaonekana kama stika. Mimi nachora herufi kwa kufuata kingo za zile za asili ndani ya Inkscape, nazikunja kidogo zifuate kitambaa, halafu naweka tabaka kwenye Multiply ili mikunjo ipenye. Hilo linafaa kwa herufi nyeusi, nyeupe zitapotea.

Kama asili yenyewe haisomeki, kwa mfano kanga imevaliwa na nusu ya jina imeingia kwenye mkunjo, sichori chochote mpaka nimemuuliza mwenye nayo. Na kabla ya kuchapa zote natoa nakala moja, nashika simu, napiga namba iliyo kwenye karatasi. Akipokea fundi bomba, nasimamisha mashine.