Mshahara Ukicheleweshwa Kila Mwezi, Je, Keshia Anaweza Kujilipa Mwenyewe?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni keshia. Mkataba wetu unasema tulipwe tarehe 30, lakini huu ni mwezi wa saba tunalipwa tarehe 15 au 20 ya mwezi unaofuata, na safari hii nimepewa nusu tu. Fedha za mauzo zinapita mikononi mwangu kila siku. Je, naweza kuchukua humo haki yangu? Wenzangu wanachelewa kufika na kuondoka mapema kwa makusudi, wanasema ndiyo fidia yao. Na faini ninayotozwa kwenye mkopo wangu kwa sababu ya kucheleweshewa, naweza kumdai mwajiri?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema zinamstahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu yangu, mshahara ni ujira, na ujira wa kazi iliyokwisha kufanywa, muda wake wa kulipwa ukifika, huwa ni deni katika shingo ya mwajiri kama deni jingine lolote. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kwamba kuchelewesha malipo kwa mwenye uwezo ni dhuluma. Na katika Hadithi Qudsi iliyo kwa Bukhari, miongoni mwa watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama, yumo mtu aliyemwajiri mwajiriwa, akaichukua kazi yake kwa ukamilifu, kisha asimpe ujira wake. Kwa hiyo, huombi hisani unapoudai mshahara wako. Unadai mali yako.

Hata hivyo, kabla ya kuuliza njia ya kuichukua mali hiyo, ni lazima ujue ni kiasi gani hasa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea. Tuchukulie kwamba mshahara wako ni laki sita, umepewa laki tatu za mwezi uliopita, na leo ni tarehe 20. Mfanyakazi aliyekasirika atapiga hesabu ya nusu iliyobaki, ataongeza siku ishirini alizokwisha kufanya kazi mwezi huu, ambazo ni sawa na laki nne, kisha atasema anadai laki saba. Sivyo. Mlikubaliana kulipana tarehe 30, na makubaliano hayo yanakufunga wewe kama yanavyomfunga mwajiri. Deni lililoiva ni laki tatu peke yake. Zile laki nne ni haki inayokuja, na bado haijafika wakati wake.

Sasa niingie katika fedha za mauzo. Wanazuoni wanalijua suala hili kwa jina la dhafar, yaani mwenye haki kuipata mali ya anayemnyima haki yake, akajichukulia bila idhini. Wametofautiana. Wanaoruhusu, na msimamo huu ni mashuhuri katika madhehebu ya Shafi, wanaegemea hadithi ya Hindi binti Utba, aliyemshtakia Mtume kwamba mumewe Abu Sufiani hampi matumizi ya kumtosha yeye na watoto wake, naye Mtume akamwambia achukue kinachomtosha yeye na watoto wake kwa wema. Wanaokataza, na ndio msimamo mashuhuri wa Imam Ahmad, wanaegemea hadithi aliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi: "Mrudishie amana aliyekuamini, wala usimfanyie hiana aliyekufanyia hiana." Wengine wakazikusanya hadithi hizi mbili kwa kusema kwamba haki ya mke kwa mumewe ni jambo la wazi, linajulikana na kila mtu, kwa hiyo akichukua hatuhumiwi wizi. Haki iliyofichika haiko hivyo.

Ninaloliona katika hali yako ni kwamba usichukue, na sisemi hivi kwa kuwa haki yako ni ndogo. Wewe umekabidhiwa fedha hizo kwa kazi maalumu, nayo ni kuzipokea na kuziwasilisha, na hiyo ndiyo amana yenyewe inayotajwa katika hadithi. Isitoshe, fedha zilizo katika droo si lazima ziwe za yule anayekuchelewesha. Huenda anayechelewesha ni meneja, na mali ni ya wabia wanne ambao hawajui lolote. Huenda ndani yake mna malipo ya awali ya mteja ambaye bado hajapewa bidhaa yake. Hata wale wanaoruhusu dhafar hawakumruhusu mtu kujilipa kutoka katika mali ya asiyemdai.

Na liko jambo ambalo vitabu havilisemi kwa upana, lakini nimeliona kwa macho yangu. Alinijia mtu aliyekuwa na kazi kama yako, akanifungulia daftari dogo alimoandika kila alichojichukulia: elfu themanini, kisha laki moja, kisha elfu sabini. Mshahara ukaja tarehe 14, tena kamili. Akarudisha laki moja na nusu, na ile laki iliyobaki akaiahirisha kwa sababu alikuwa na haja nayo. Wiki hiyo hiyo zikakaguliwa hesabu, upungufu ukaonekana, na aliyekatwa mshahara ni kijana wa mauzo aliyekuwa zamu moja naye. Huyu aliyeanza kama mwenye kudai akaishia kuwa mdaiwa wa watu wawili, na kilichomleta kwangu ni kuuliza namna ya kumrudishia kijana yule bila kujifichua.

Njia ya halali iliyo karibu na unayoitamani ni kuomba, kwa maandishi, kwamba ile laki tatu ulipwe moja kwa moja kutokana na mauzo ya siku fulani. Mwajiri akitia saini, chukua na uandike katika hesabu. Kilichokuwa hiana kwa siri kinakuwa malipo ya wazi, na nimeona waajiri wanaokubali, hasa wale ambao tatizo lao si ukosefu wa fedha bali ni uzembe wa kupanga.

Ama wenzako wanaochelewa na kutoroka mapema, wamekosea. Mfanyakazi wa mwezi anauza muda wake, na saa aliyoipunguza kwa siri, kisha akaipokelea mshahara, ni kupunja, kama mwenye duka anayepunguza mizani. Dhuluma ya mwajiri haihalalishi hilo, kwa sababu kucheleweshewa fedha na kutofanya kazi ni mambo mawili yasiyolipana: fedha zikija, zitakuja kamili, na saa zile hazitakuwa zimefanyiwa kazi. Lakini kusimamisha kazi kwa uwazi ni jambo jingine kabisa. Allah amesema, "Enyi mlioamini! Timizeni ahadi," na mkataba ni ahadi ya pande mbili. Upande mmoja ukizuia ilhali unaweza kutoa, sioni kwamba upande wa pili unalazimika kuendelea kutoa. Tofauti ya mambo haya mawili ni kwamba anayesimama kwa uwazi hadai ujira wa siku ambazo hakufanya kazi.

Kwa hiyo andika barua. Taja mshahara wa mwezi gani, kiasi gani, ulitakiwa kulipwa lini na ulilipwa lini, kwa miezi yote saba, kisha weka tarehe ambayo ikipita bila malipo utasimama au utaondoka. Baki na nakala iliyogongwa muhuri au kutiwa saini ya mapokezi. Kabla ya kusimama, soma mkataba wako na uulize kanuni za kazi zinasemaje, kwani mfanyakazi aliyesimama bila kufuata utaratibu anaweza kuandikwa mtoro, na akapoteza haki nyingine kwa kutafuta moja. Barua isipojibiwa, peleka shauri kwa mamlaka ya kazi au mahakamani. Usione kwamba huko ni kumsengenya mtu. Imam Nawawi, alipotaja hali sita ambazo kumsema mtu kunaruhusiwa, aliyeanza naye ni mwenye kudhulumiwa anayemshtaki aliyemdhulumu kwa mwenye uwezo wa kumpatia haki. Na Qur'ani imesema kwamba Allah hapendi maneno mabaya yatangazwe, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Lakini sema lililotokea tu. Mambo ya nyumbani kwake mwajiri hayamo.

Yote haya ni kwa mwajiri mwenye uwezo. Ikiwa kweli amefilisika, iko aya ya 280 ya Suratul Baqara inayomwamuru mdai amngoje mdaiwa mwenye dhiki mpaka afarijike. Utamjuaje? Hutamjua kwa maneno yake, maana kila anayechelewesha husema hali ni ngumu. Tazama analipa nani. Akiwa analipa wenye bidhaa kwa wakati, analipa benki kwa wakati, anaajiri watu wapya, na mishahara ndiyo pekee inayongoja, basi huyo ana uwezo, ila amewafanya nyinyi kuwa wakopeshaji wasio na sauti. Akiwa anadaiwa na kila mtu na hata yeye mwenyewe hachukui kitu, huyo ana dhiki, na ile laki tatu iliyokwisha kuwa deni utamngoja kwayo, wala haipotei.

Nakuomba uielewe vizuri aya hii, kwa sababu waajiri wengine huisoma isivyo. Kungoja kunahusu deni lililokwishapatikana. Haisemi kwamba mdai aendelee kukopesha. Kila mwezi mpya unaoufanyia kazi ukijua kwamba hutalipwa kwa wakati, unamkopesha mwajiri jasho la mwezi mmoja zaidi, na mkopo ni hisani ya mwenye kutaka. Unaweza kumsubiria deni la zamani na wakati huo huo ukaacha kazi, wala hujaikhalifu aya.

Iliyobaki ni faini ya mkopo wako. Ukimwambia mwajiri, "Kila siku unayochelewesha, niongezee kiasi fulani juu ya mshahara," hiyo ni nyongeza ya deni kwa ajili ya muda, nayo ni riba, hata kama wewe ndiye mwenye kudhulumiwa na hata kama iliandikwa katika mkataba. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Riyadh mwaka 2000, liliruhusu sharti la fidia katika mikataba ya fedha isipokuwa pale ambapo wajibu wenyewe ni deni, na mshahara ulioiva ni deni. Kwa hiyo usimdai faini ile. Gharama za kumshtaki ni kitu kingine: Ibn Taymiyya amesema kwamba mwenye uwezo anayechelewesha haki mpaka akamlazimisha mwenzake kwenda kushtaki, gharama alizoingia mwenzake ziko juu yake huyo dhalimu. Basi ukienda mahakamani, weka risiti za nauli na za ada ya kufungua shauri, uziombe pamoja na laki tatu zako.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.