Jibu: "Eleza kwa nini" bado ni swali la kukariri

"Nimetumia vitenzi vya Bloom, mbona wanafunzi wangu wa Lamu wananirudishia maneno ya daftari tu?"

Mwalimu, kitenzi hakipandishi swali kwenye ngazi za kufikiri za Bloom, zinazoanzia kukumbuka na kupanda hadi kuchanganua na kutathmini. "Eleza kwa nini mikoko ni muhimu" linaonekana zito, lakini kama jana uliandika sababu nne ubaoni, mtoto anakumbuka tu. Ngazi ya swali huamuliwa na alichokwisha fundishwa.

Dawa yake ni kuwapa hali ambayo haimo daftarini. Mathalani: "Vijiji viwili viko kwenye mkondo mmoja. Cha kwanza kilikata mikoko kwa ajili ya boriti, na mwaka huohuo kikaanza kuvua kwa nyavu za matundu madogo. Cha pili hakikufanya lolote kati ya hayo. Samaki wamepungua katika kijiji cha kwanza. Je, mikoko ndiyo sababu? Ungetafuta habari gani ili kuhakikisha?" Hapo atalazimika kutenganisha sababu mbili, na huko ndiko kuchanganua.

Ukitaka kutathmini, taja vigezo. "Je, ni vizuri kukata boriti?" litakuletea "ndiyo" na "la", basi. Uliza: "Ukizingatia mapato ya wakataji na mazalia ya samaki, utaruhusu ukataji wa namna gani?"

Kabla ya kipindi, liandikie swali jibu lako mwenyewe. Ukiweza kulinakili jibu hilo kutoka kwenye notisi, rekebisha swali. Na darasani, ukishauliza, nyamaza walau sekunde tatu. Wengi wetu hujijibu wenyewe kabla hazijaisha.