OLED kwa mtu wa Excel

"Niko Dodoma, nashinda kwenye Excel. Ninunue laptopu ya OLED au ya kioo cha kawaida?"

Ndugu, kwa kazi hiyo chukua ya kawaida, IPS. Kwenye OLED kila nukta hujiwakia yenyewe na palipo peusi huzimika kabisa, ndiyo maana filamu za usiku hupendeza mno. Lakini jedwali jeupe huwasha karibu nukta zote, na betri inakwisha upesi. Tena upau wa chini usiohama kutwa nzima huchakaza nukta zake, na alama hiyo haifutiki. Yangu ilianza mwaka wa pili: nikifungua ukurasa wa kijivu, kivuli cha upau kinaonekana. Ukiitaka hivyo hivyo, ficha upau na upunguze mwanga. OLED kwa kawaida ni ghali zaidi. Hiyo tofauti ningeongezea memori.